Lori la Saa Kumi Alfajiri

Barua ya kwanza iliandikwa kwa kalamu nyekundu. Kijana wa jirani yetu aliikesha usiku kucha, na kulipokucha akatusomea kwenye kibaraza cha ofisi ya serikali ya mtaa. Ilikuwa kali. Ilisema kiwanda kinatuua taratibu, meneja hana utu, na watoto wetu wamegeuzwa mifugo ya kuchakura jaani. Tulipiga makofi. Mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama ndiye peke yake aliyenyamaza. Alingoja tutulie, kisha akauliza: "Meneja akiipokea hii, atajibu nini?" Hakuna aliyekuwa na la kusema. "Atajibu 'poleni'," akasema mzee. "Na mtakuwa mmekwisha kujibiwa."

Kiwanda chenyewe sitakitaja, wala mtaa. Inatosha kujua kwamba ni kiwanda cha kuchakata ngozi, na kwamba kati yake na nyumba zetu kuna kiwanja kitupu ambacho mwenyewe alikinunua miaka mingi nyuma, akahamia mkoa mwingine bila kuweka hata jiwe la msingi. Watoto walikuwa wakicheza mpira pale. Kisha ikaanza kusikika ngurumo ya tipa saa kumi alfajiri, na kukipambazuka tunakuta rundo jipya.

Tulichokijua kwanza ni harufu, na harufu ndiyo iliyojaza barua ya kalamu nyekundu. Mzee alitutuma tukaangalie rundo lenyewe kabla ya kuandika neno jingine. Tulikwenda watu 6, tukasimama upande upepo unakotokea, tukatazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na ujiuji mweupe wenye manyoya. Kulikuwa na mafuta na nyama zilizokwanguliwa, zimejaa funza. Na kulikuwa na vipande na vumbi la ngozi vyenye rangi ya samawati, kama nguo iliyochovywa kwenye buluu ya kufulia.

Ile samawati ndiyo iliyobadilisha kesi yetu, na inafaa kueleza kwa nini. Ngozi mbichi ikifika kiwandani huloweshwa kuondoa chumvi na damu, halafu huingizwa kwenye chokaa iliyochanganywa na salfaidi ya sodiamu ili manyoya yatoke. Nyama na mafuta yaliyobaki hukwanguliwa. Baadaye ngozi hutiwa asidi na chumvi, na mwisho huzungushwa kwenye pipa kubwa lenye chumvi za kromiamu, ambazo huizuia isioze tena. Kromiamu ndiyo inayoipa ile rangi, na wafanyakazi huiita ngozi ya hatua hiyo weti bluu. Kisha hupunguzwa unene kwa mashine, na hapo ndipo vumbi na vipande vya samawati hutoka kwa wingi. Katika tani moja ya ngozi mbichi, kinachoishia kuwa ngozi ya viatu na mikoba ni kilo 200 hadi 250 hivi. Kiasi kikubwa cha kilichobaki lazima kiende mahali.

Kwa hiyo yeyote aliyezoea kazi hiyo angesoma rundo letu kama kitabu: hapa hatua ya chokaa, hapa ukwanguaji, hapa kromiamu. Taka za machinjio hazina rangi ya samawati. Taka za nyumbani hazina ujiuji wa chokaa wenye manyoya. Kabla hatujamtaja mtu, rundo lilikuwa limekwisha kutaja kwao.

Nayo hatari haikuwa pale tulipodhani. Harufu ya yai viza hutoka pale mabaki yenye salfaidi yanapokutana na asidi, au yanapooza mahali pasipo hewa. Gesi hiyo, salfaidi ya haidrojeni, ni sumu ya kweli, hasa ndani ya shimo au pipa, na ikizidi hufisha uwezo wa pua kuinusa. Mtu anayechimbua rundo kama lile asidhani kwamba harufu ikikatika ghafla basi hewa imesafika. Hata hivyo palipo wazi upepo huitawanya, na kwetu ilikuwa kero zaidi kuliko kifo. Kromiamu iliyo ndani ya ngozi nayo, katika hali yake ya kawaida, ndiyo ile ile tunayoivaa miguuni kila siku bila madhara makubwa. Tatizo huja rundo linapochomwa. Moto unaweza kuigeuza kromiamu hiyo kuwa aina nyingine, ambayo wanakemia huiita kromiamu sita, na hii ikivutwa kwa pumzi husababisha saratani ya mapafu. Na sisi, kwa nia njema kabisa, tulikuwa tumekwisha kulichoma mara mbili ili inzi wapungue.

Mama mmoja anayeuza maandazi jirani na kiwanja, na ambaye ndiye aliyeleta mafuta ya taa mara ya pili, aliposikia hilo alikaa chini mchangani. Hakuna aliyemlaumu. Sote tulikuwa tumesimama kuuzunguka moto ule.

Mzee alitupa kanuni moja ya uandishi, akasema tukiifuata mengine yatajipanga yenyewe: kila sentensi ianze na tumeona, tumeambiwa, au tunahofia, na hizo tatu zisichanganywe. Tulichokiona kwa macho kina tarehe na saa. Tulichoambiwa kina mtu aliyetuambia. Tunachohofia kisivalishwe nguo za ukweli. Barua ya kwanza ilikuwa imesema watoto wanaumwa kwa sababu ya sumu ya kiwanda. Kweli watoto 4 walikuwa na vipele na kikohozi, lakini hakuna daktari aliyekuwa ameunganisha maradhi yao na kiwanja. Sentensi moja kama hiyo, isiyoweza kuthibitishwa, humpa mwanasheria wa kiwanda mlango wa kuikataa barua nzima.

Akaongeza jambo la lugha ambalo sijalisahau. Kiswahili kina njia nyepesi ya kumficha mtendaji: taka zimetupwa, kiwanja kimechafuliwa, moto umewashwa. Katika mazungumzo hiyo ni adabu. Katika barua ya malalamiko ni mwanya, kwa sababu mtu anayesoma "taka zimetupwa" anaweza kukubaliana nawe kwa moyo wote na asijione yumo. Andikeni lori liliingia, watu wawili walishuka, wakafungua bawa la nyuma, wakamwaga.

Ili tuweze kuandika hivyo, ilibidi tukeshe. Kwa wiki 3 vijana walipokezana kwenye dirisha moja la juu, na daftari la kaunta. Waliandika tarehe, saa, namba ya gari, rangi ya tipa, na geti lilikotokea. Walipiga picha kwa simu, na mzee akawaonya wapige kila mara kukiwa na kitu kisichohama ndani ya picha, kama nguzo ya umeme au ukuta wenye maandishi, ili pasiwe na ubishi kuhusu mahali. Rundo tulilipima kwa hatua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na futikamba ndefu. Katika wiki 3 hizo lori lilikuja mara 7.

Hii ndiyo barua iliyopelekwa, majina yakiwa yameondolewa.

Wakazi wa Mtaa,
K.k. Ofisi ya Serikali ya Mtaa,
S.L.P. ya Mtaa.
22 Aprili

Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Ngozi.

Ndugu,

YAH: KUMWAGWA KWA TAKA ZA KIWANDA KWENYE KIWANJA KILICHO KATI YA NYUMBA ZETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakazi wa kaya 41 zinazozunguka kiwanja kilicho mashariki mwa kiwanda chako. Tunakuandikia baada ya mkutano wa mtaa wa tarehe 19 Aprili, ambao muhtasari wake tumeuambatisha.

Tumeona lori aina ya tipa likitoka katika geti la nyuma la kiwanda chako na kumwaga taka kwenye kiwanja hicho mara 7 kati ya tarehe 28 Machi na 18 Aprili, kila mara kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Tarehe, saa na namba ya gari vimo katika kiambatisho cha pili. Rundo sasa lina urefu wa hatua 22 na upana wa hatua 15. Nyumba ya karibu iko hatua 18 kutoka hapo, na kisima kinachotumiwa na kaya 9 kiko hatua 40, upande wa mteremko.

Tumeona ndani ya rundo vipande na vumbi la ngozi vya rangi ya samawati, mabaki ya chokaa yenye manyoya, na nyama iliyooza. Picha zimeambatishwa.

Tumeambiwa na mmoja wa waliokuwa ndani ya lori kwamba taka hizo huondolewa na mkandarasi. Hatujui kama ni kweli.

Tunahofia kwamba mvua za masika zitazipeleka taka hizi kisimani. Hatujapima maji, na hatusemi kwamba yamekwisha kuchafuka. Kuna watoto 4 wenye vipele na kikohozi. Hatusemi kwamba chanzo ni taka hizi, ila tunaona inafaa ulijue.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, umwagaji usimame mara upokeapo barua hii. Pili, taka zote zilizopo ziondolewe, pamoja na udongo uliolowa chini yake, ndani ya siku 14, na zisichomwe wala kufukiwa hapo. Tatu, utujulishe kwa maandishi zitapelekwa wapi na nani atazibeba. Nne, ugharimie upimaji wa maji ya kisima, sampuli zikichukuliwa na mtaalamu wa serikali mbele ya mwakilishi wetu.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 6 Mei. Tusipoyapata, tutalifikisha suala hili kwa mamlaka zilizotajwa hapa chini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(saini za wawakilishi 3; saini za wakazi 67 zimeambatishwa)

Nakala: Mtendaji wa Kata, Afisa Afya wa Kata, Afisa Mazingira wa Manispaa, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, Mwenye kiwanja.

Vijana walilalamika kwamba barua imepoa mno, kwamba haina uchungu. Mimi niliisoma nikaona uchungu wote umo, ila umewekwa katika namba. Hatua 18 kutoka mlangoni kwa mtu. Kaya 9 kwenye kisima kimoja.

Sentensi iliyobishaniwa zaidi ni ile ya mkandarasi. Wengi walitaka tuifute, kwa hofu kwamba tunampa meneja pa kujificha. Mzee alishikilia ibaki, na hoja yake ilikuwa nzuri: jibu hilo lingekuja tu, na afadhali lije likitukuta tumekwisha kulitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 humfanya anayezalisha taka hatarishi awajibike nazo hadi zinapoteketezwa. Kumlipa mtu mwenye lori hakuuhamishi mzigo huo. Anayebeba taka za namna hiyo anatakiwa awe na kibali, na zinakokwenda pawe pamekubaliwa. Ndiyo maana ombi la tatu liliuliza zitapelekwa wapi na nani.

Ombi hilo lilikuwa na sababu nyingine, yenye historia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka za mji mzima karibu na makazi yao, ambako ziliwaka moto na kutoa moshi siku nenda siku rudi. Mahakama Kuu iliamuru jiji liache. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza. Alishangaa kwamba chombo cha umma kinakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaliunganisha suala hilo na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini taka zikahamia Kunduchi Mtongani, nako kulikuwa na watu. Ikabidi wakazi wa huko nao wafungue shauri lao, mlalamikaji mmoja na wenzake 794, ili jiji lizuiwe mara ya pili. Sisi hatukutaka kusafisha kiwanja chetu kwa kuwapelekea mzigo watu wa bonde la pili, ambao wengi wao ni ndugu zetu.

Leo mkazi ana pa kusimamia zaidi kuliko watu wa Tabata walivyokuwa napo. Kifungu cha 4 cha sheria ile ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Barua yetu haikuvitaja vifungu hivyo. Mzee alisema vifungu viwekwe akiba kwa barua ya pili, maana meneja anayetajiwa sheria katika barua ya kwanza humkabidhi mwanasheria, na tangu siku hiyo hazungumzi tena na majirani. Hapo mimi na yeye tulitofautiana, na bado sina hakika nani alikuwa sahihi. Kifungu kimoja kilichotajwa kwa heshima kingeweza kutupunguzia wiki mbili za kungoja.

Kuipeleka barua nako ni kazi. Mlinzi wa getini aliipokea kwa tabasamu, akasema ataifikisha. Wawakilishi wetu walikuwa wameandaliwa: walikuwa na nakala mbili, wakaomba moja igongwe muhuri wa mapokezi, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Mlinzi akasema hana muhuri. Wakangoja kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana, mpaka katibu muhtasi akashuka na kuigonga. Nakala ile yenye muhuri wa wino wa zambarau ndiyo mali kubwa kuliko zote tulizopata katika safari hii. Kabla yake meneja angeweza kusema hakujua. Baada yake, kila lori lililomwaga lilimwaga huku anajua.

Na lilimwaga tena, mara mbili. Siku ya 9 likaja jibu la aya moja: kiwanda kinasikitika, kinafanya uchunguzi, na taka ni za mkandarasi. Siku ya 12 likaja greda likasawazisha rundo, na tipa mbili za mchanga mwekundu zikamwagwa juu. Kwa mbali kiwanja kilipendeza. Watu kadhaa walisema tushukuru, yaishe. Hapa ndipo maneno "zisichomwe wala kufukiwa hapo" yalipofanya kazi yake, kwa kuwa tulikuwa tumelikataa suluhisho hilo kwa maandishi kabla halijaja. Taka zilizofukiwa juu ya kisima bado ziko juu ya kisima, tena sasa hazionekani, na chokaa, chumvi na kromiamu vitashuka na maji ya mvua vile vile.

Afisa Afya wa Kata alikuja siku mbili baada ya tarehe yetu ya mwisho kupita. Alitaka kuona wapi palifukiwa. Kijana wa kalamu nyekundu alimwonyesha kwa picha, akitumia nguzo ya umeme kupima, kisha akachimba kwa jembe. Chini ya kina cha mkono mmoja mchanga mwekundu uliisha, samawati ikatokea. Afisa aliandika, akapiga picha zake mwenyewe, akamwita Afisa Mazingira wa Manispaa hapo hapo kwa simu. Wiki iliyofuata walikuja watu wa Baraza, wakakagua kiwanda chenyewe, na kiwanda kikaamriwa kurejesha kiwanja katika hali yake.

Kazi ya kuondoa ilichukua siku 5. Malori yalikuja mchana, yamefunikwa turubai, na wabebaji wamevaa glovu na buti. Walichimba hadi udongo ukabadilika rangi, wakashuka tena kidogo.

Sampuli za maji zilichukuliwa na mtaalamu kutoka manispaa, katika chupa safi zenye lebo, mwakilishi wetu akasaini kando ya saini yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kromiamu yote katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.05 kwa lita. Matokeo ya kwanza yalikuwa chini ya hapo. Mtaalamu alitueleza kwa uwazi kwamba hilo halimalizi jambo, kwa sababu maji ya chini ya ardhi hutembea polepole, na kilichonyeshewa masika hii kinaweza kufika kisimani masika ijayo au ile ya baadaye. Akashauri kipimo kirudiwe kila baada ya miezi 6 kwa miaka 2. Tukaandika barua ya pili, fupi, ya kuomba hivyo, na humo tukavitaja vifungu vyote viwili. Ilijibiwa ndani ya siku 4, na kiwanda kikakubali kulipia.

Kipimo cha tatu kinafanyika mwezi ujao. Kisima bado kimefungwa kwa mnyororo, na kaya zile 9 zinanunua maji kwa ndoo. Daftari la kaunta liko kwa yule mama wa maandazi, kwa kuwa ndiye anayeamka saa kumi kukanda unga, na dirisha lake linatazama kiwanja.